Kikundi cha asali kiwe na ukurasa mmoja wa maneno

Leo siandiki habari za mbegu wala viuatilifu. Naandika kuhusu maneno ambayo kikundi kidogo hutumia kuuza bidhaa yake, kwenye lebo, mnadani, kwenye simu na kwenye WhatsApp.

Makampuni makubwa huwa na karatasi inayoitwa mwongozo wa sauti ya chapa. Chapa ni lile jina na sura ambayo mteja anaitambua bidhaa yako kwayo. Sauti yake ni namna inavyoongea: kwa upole au kwa makeke, kwa maneno gani, na maneno gani haiyatamki kabisa. Nikilitaja jambo hili kwenye vikundi, wengi huona ni mambo ya mjini. Mimi naona kinyume chake. Kampuni ina mtu ameajiriwa kujibu wateja, na akikosea anajulikana. Kwenye kikundi cha watu sita kila mtu anajibu. Mwenye simu anajibu, anayepeleka mzigo anajibu, anayekaa mnadani anajibu, na kila mmoja ana maneno yake. Mteja haoni watu sita. Anaona jina moja kwenye chupa, na jina hilo likisema mambo mawili tofauti, analihesabu kuwa linadanganya.

Nitatumia mfano wa asali, kwa sababu ni bidhaa ambayo neno moja linaweza kuiharibia soko, na lingine linaweza kumdhuru mtu. Kikundi ninachokizungumzia kiko upande wa Itigi, Singida, kwenye misitu ya miombo. Ni watu sita. Wanarina, wananunua kwa warinaji wengine, wanachuja na kufungasha.

Jaribio la swali moja

Kabla ya kuandika chochote, niliwaomba wafanye jaribio ambalo kikundi chochote kinaweza kulifanya kwa nusu saa. Tulichukua ujumbe mmoja wa kweli kutoka kwenye simu ya kikundi. Mteja alikuwa ameandika: "Hii asali yenu mbona imeganda chini? Ni orijino kweli?" Kila mmoja akaandika jibu lake kwenye karatasi bila kuangalia la mwenzake.

Kijana wa simu aliandika: "Ni orijino 100% dia, usijali xaxa." Mama anayekaa mnadani aliandika kwamba asali halisi haigandi, kwa hiyo huenda mteja amebadilishiwa chupa njiani. Mzee mrinaji aliandika kwamba kuganda ndiyo dalili ya asali halisi. Katibu aliandika jibu refu la kiofisi lililoanza na "Rejea ujumbe wako hapo juu." Dereva aliandika "ichemshe tu." Mweka hazina aliandika kwamba atamrudishia mteja hela yake.

Mtu mmoja akiuliza swali hili mara mbili, mara moja mnadani na mara moja kwenye simu, ataambiwa kwamba asali halisi haigandi na kwamba asali halisi ndiyo inayoganda. Na majibu yote mawili yana kasoro. Asali karibu yote huganda mapema au baadaye, kwa sababu ina aina ya sukari iitwayo glukosi ambayo hujitenga na kufanya chembe, hasa wakati wa baridi. Iliyo na glukosi nyingi huganda mapema, na nyingine hukaa miezi mingi ikiwa majimaji, kulingana na maua. Kwa hiyo kuganda hakuthibitishi kwamba ni halisi, wala hakuonyeshi kwamba imechakachuliwa. Na shauri la kuichemsha linaiharibu ladha na harufu.

Tulikaa tukaandika jibu moja. Lilitoka hivi:

"Habari za asubuhi, na asante kwa kutuuliza. Asali kuganda ni kawaida, hasa kipindi cha baridi, na haijaharibika. Weka chupa ikiwa imefungwa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, uibadilishe maji yakipoa, itarudi kuwa majimaji. Usiiweke jikoni kwenye moto. Hatujaiongezea kitu chochote. Ukitutumia namba ya toleo iliyo chini ya lebo, tutakuambia imerinwa wapi na mwezi gani. Ni mimi, katibu."

Jibu hili limebeba mwongozo mzima kwa udogo wake. Limeanza na salamu. Limetumia neno la mteja mwenyewe, "kuganda", badala ya kutafuta neno la kitaalamu. Halikutamka "orijino" wala "100%". Limeeleza cha kufanya, na limeishia na kitu ambacho mteja anaweza kukihakiki. Kazi iliyobaki ilikuwa kueleza kwa nini tumechagua hivyo, ili mtu mwingine aweze kujibu swali jingine kwa namna hiyohiyo.

Sauti yenyewe

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu. Wakiulizwa chapa yao ina sauti gani, wanaandika "ya kisasa, ya kipekee na yenye ubora". Maneno hayo hayamsaidii kijana wa simu saa mbili usiku akiwa na mteja mwenye hasira. Hakuna ujumbe ambao unaweza kuusoma ukasema huu haukuwa wa kipekee.

Nashauri mmtafute mtu badala ya kutafuta sifa. Kikundi kile kilikubaliana kwamba kinaongea kama mama anayemuuzia jirani yake, akijua kwamba kesho atamkuta tena kisimani. Mama huyo ni mchangamfu lakini hajikombi. Anasema ukweli hata kama unampunguzia mauzo, lakini hasemi kwa ukavu. Anajua bidhaa yake ila hamfanyi mwenzake mjinga. Mistari hiyo mitatu ndiyo iliyoandikwa. Kila mstari una sehemu ya "lakini", na hiyo ndiyo yenye kazi, maana inaonyesha mpaka. Ukiandika "mchangamfu" tu, kijana atamwita kila mteja "dia".

Suala la kuitana lilichukua muda mrefu kuliko yote, na naona ilistahili. Mnadani unamwona mtu, kwa hiyo unajua kama ni shikamoo, mama, kaka au dada. Kwenye maandishi humwoni. "Mrembo" anaweza kuwa mwanaume aliyeweka picha ya mke wake, na "bosi" inamkera mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa kwa namna nyingine. "Dia" na "mpendwa" walizikataa wote isipokuwa kijana. "Ndugu mteja" ilionekana kama barua ya kukatiwa umeme. Walichokubaliana ni rahisi: kwenye maandishi, salamu ya wakati, kisha jina la mtu kama analo kwenye simu, na kama hana jina, hakuna cheo chochote. Kwa sauti, kwenye simu au ana kwa ana, heshima za kawaida za kwetu zinaendelea. Ukisikia sauti ya mtu mzima, unatoa shikamoo kabla ya kutaja bei.

Mambo madogo yakaongezwa. Hakuna kuandika kwa herufi kubwa zote, maana ni kama kupiga kelele. Hakuna "xaxa" wala "2napokea". Anayejibu anamaliza kwa kutaja nafasi yake, ili mteja akirudi ajue ameongea na nani. Anaandika "sisi" anapozungumzia asali na "mimi" anapoahidi kitu, kwa kuwa ahadi ya "tutakupigia" kwenye kikundi cha watu sita huwa haina mwenyewe.

Maneno ya kutumia: anzeni na vipimo

Wengi hudhani msamiati wa chapa ni maneno matamu. Kwa mfanyabiashara mdogo, maneno ya kwanza ya kukubaliana ni ya vipimo. Kwa asali, neno hatari kuliko yote ni "nusu".

Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Kwa hiyo nusu lita ni kama gramu 700, na nusu kilo ni gramu 500, ambayo kwenye chupa inajaa kama mililita 357 tu. Sasa chukulia bei ni shilingi 10,000 kwa kilo. Lita inakuwa 14,000, nusu lita 7,000 na nusu kilo 5,000. Mwenye duka Dodoma anaandika "naomba nusu 40, bei gani?" Kijana anajibu "5,000 kila moja", akimaanisha nusu kilo. Mwenye duka anafurahi, maana yeye anafikiria nusu lita. Mzigo ukifika anaona chupa ndogo. Tofauti ni gramu 200 kwa chupa, kilo 8 kwa mzigo mzima, sawa na shilingi 80,000. Hakuna aliyeiba, lakini pande zote mbili zinaamini zimeibiwa. Ama kikundi kinapunguza bei na kupoteza hizo 80,000, ama kinapoteza duka.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wao imeandikwa: hatusemi "nusu", hatusemi "robo", hatusemi "chupa kubwa". Tunasema "gramu 500" na "kilo 1", kwenye lebo, kwa mdomo na kwenye simu. Mteja akisema "nusu", tunamjibu kwa kumtajia gramu kwanza, kisha bei.

Neno la pili lilileta ubishi mzuri. Watu wa mjini waliokwenda kwenye semina wanapenda kuandika "asali mbichi" kwenye lebo. Wametafsiri msemo wa Kizungu wenye maana ya asali isiyopashwa moto. Lakini kwa mrinaji, asali mbichi ni ile iliyotolewa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta. Ina maji mengi, na huchacha. Ukimwambia mtu wa Itigi unauza asali mbichi, umemwambia unauza asali mbovu. Wakaandika badala yake: "Haijapashwa moto. Imerinwa kwenye masega yaliyofunikwa." Maneno ni mengi kidogo, lakini yanaeleweka Itigi na yanaeleweka Dar es Salaam.

Neno la tatu ni "nyuki wadogo". Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni bidhaa tofauti kabisa. Ni nyepesi, ina maji mengi zaidi, ina uchachu kidogo, na bei yake huwa juu. Mnadani nimesikia watu wakiita asali yoyote nyepesi "ya nyuki wadogo" ili waipandishe bei. Kikundi kimeandika kwamba neno hilo litatumika tu kwa asali waliyoshuhudia ikitolewa kwenye kiota cha nyuki hao, na haitachanganywa na nyingine. Hapa mwongozo wa maneno unadai na mwongozo wa ghala, maana huwezi kusema "hatuchanganyi" kama ndoo zote zimekaa pamoja bila alama.

Maneno ya kuepuka

Sehemu hii ndiyo ninayoithamini zaidi, na ninashauri iandikwe kwa masharti mawili. La kwanza, kila neno lililokatazwa lipewe sababu. La pili, lipewe mbadala. Ukimkataza mtu neno bila kumpa jingine, akibanwa na mteja atarudi kwenye lile la zamani.

Tulianza na "inafaa familia nzima". Msemo huu upo kwenye lebo nyingi na unaonekana hauna ubaya. Lakini asali haipaswi kupewa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu. Hautokei mara nyingi, lakini ukitokea ni wa kulazwa hospitali, na kupasha asali moto nyumbani hakuziui mbegu hizo. Mama akisoma "familia nzima" na kijacho chake kina miezi minne, ameambiwa na lebo kwamba hakuna shida. Mbadala wake: "Usimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1." Yule mama wa mnadani aliuliza kama maneno hayo hayatawafukuza wateja. Jibu langu ni kwamba yaandikwe hata kama yatawafukuza. Hili ni neno pekee kwenye ukurasa ule ambalo nisingekubali lipigiwe kura.

Likafuata "haina sukari" na ndugu yake "inafaa kwa wenye kisukari". Asali ni sukari kwa sehemu kubwa, takriban asilimia 80, na iliyobaki karibu yote ni maji. Anayesema haina sukari huwa anakusudia kusema hakuongeza sukari ya dukani. Basi aseme hivyo: "Hatujaongeza sukari." Herufi chache zimebadilika, lakini mgonjwa wa kisukari anayesoma sentensi ya kwanza anaweza kujimiminia vijiko vitatu kwenye chai kila asubuhi. Akiuliza moja kwa moja, jibu lililoandikwa ni: "Asali inapandisha sukari mwilini. Muulize mtoa huduma wako wa afya kabla ya kutumia."

Kwenye neno "dawa" na "inatibu" mzee mrinaji alikasirika, na nilimwelewa. Wazee wetu wametumia asali kwa kikohozi na vidonda tangu zamani, na si kwamba walikuwa wakijidanganya. Hoja yangu haikuwa kwamba asali haina faida. Mnauza chakula, mmekisajili kama chakula, na lebo ya chakula ikiahidi kutibu vidonda vya tumbo, presha na nguvu za kiume, imeingia kwenye eneo ambalo hamna uthibitisho wake. Kuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Makubaliano yakawa hivi: kwenye lebo na kwenye WhatsApp, neno "dawa" halipo kabisa. Mzee akiulizwa mnadani, anaruhusiwa kueleza namna wanavyoitumia nyumbani kwake, kama vile na limau wakati wa kikohozi, bila kuahidi kwamba itamponya mtu. Wenzangu wengine wangeifunga hata hiyo. Mimi naona huwezi kumkataza mtu mzima kusimulia maisha yake, na mwongozo unaodai hivyo hautafuatwa hata wiki.

"Organiki" ilikatwa haraka. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Asiyepitia ukaguzi wake asijipe jina hilo. Isitoshe, nyuki huruka kilomita kadhaa kutafuta maua, na huwezi kuapa kwamba hakupita kwenye shamba la pamba lililopuliziwa. Mbadala ni kutaja mahali: "Mizinga yetu iko kwenye msitu wa miombo, Itigi."

"Imethibitishwa na TBS" nalo linatumika ovyo. Tangu mwaka 2019 shirika hilo la viwango ndilo linaloshughulika pia na usalama wa chakula, kwa hiyo kikundi kinaweza kuwa kimewasiliana nalo kwa mambo kadhaa: usajili wa jengo, sampuli kupimwa, maombi ya alama ya ubora. Kupeleka sampuli si kuthibitishwa. Kuweka alama ile bila leseni ni kosa kisheria. Kama mmeomba na bado, mnaandika mnachoweza kukionyesha kwa karatasi au mnanyamaza.

"Orijino" ndilo lililotusumbua zaidi, kwa sababu ndilo neno la wateja. Hauwezi kumzuia mteja kuuliza kama ni orijino. Lakini anayechanganya maji ya sukari naye anajibu "orijino", kwa hiyo neno limekwisha nguvu. Watu wamebaki kujaribu kwa njiti ya kiberiti, kwa tone kwenye karatasi au kwa sisimizi, na majaribio hayo hayaaminiki. Mengi yanaonyesha tu kama asali ina maji mengi au machache. Hata refraktomita, kile kifaa kidogo cha kutazamia, kinapima kiasi cha maji. Ni kifaa kizuri, maana kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20, lakini hakikuambii kama kuna sukari imeongezwa. Kwa hiyo kikundi kimekataza "tumepima, ni orijino". Kinachosemwa ni: "Hatuongezi kitu. Maji tumepima, ni asilimia fulani. Imerinwa kijiji fulani, mwezi fulani." Sentensi hiyo mchakachuaji anaogopa kuisema, kwa kuwa mteja anaweza kuifuatilia.

Mteja akilalamika

Sauti ni ileile, ila mpangilio unabadilika. Uchangamfu unapungua na hatua zinakuja mbele. Ukurasa wao umetaja malalamiko mawili tu, kwa sababu ndiyo yaliyojaa kwenye simu. La kuganda mmeliona hapo juu. La pili ni chupa kutoa povu, kifuniko kuvimba na harufu ya pombe. Hayo mawili yasijibiwe sawa. Kuganda si kasoro. Povu lenye harufu ya chachu ni kasoro, na mara nyingi ni ya kwenu, mmerina kabla ya kufunikwa au ndoo ilibaki wazi ikavuta unyevu.

Maneno yaliyokatazwa hapa ni "umehifadhi vibaya" na "hatuhusiki", hata kama mnaamini hivyo. Jibu linaenda kwa mfuatano: salamu, pole, omba picha na namba ya toleo, sema nani atafuatilia na lini, sema asiendelee kuitumia. Kisha simu inapigwa kwa mtunza ghala kabla ya kuandika neno jingine, ili toleo hilo lisimamishwe. Mfano: "Habari za jioni. Pole kwa usumbufu. Tafadhali tutumie picha na namba ya toleo, na usiitumie kwa sasa. Mimi, mweka hazina, nitakupigia kesho kabla ya saa sita mchana. Kama kasoro ni yetu, tutakubadilishia au kukurudishia fedha." Angalieni neno "kama". Haliruki lawama na halikubali kosa kabla ya kuangalia.

Namna ya kuandika kwenu

Msianze na karatasi tupu. Fungueni simu, mnakili maswali ya wateja ya mwezi mmoja, hata yakiwa 30 tu, na pembeni majibu mliyotoa. Pigeni mstari chini ya kila ahadi, kila kipimo na kila jina mlilomwita mtu. Mtashangaa maswali yenyewe ni manne au matano yanayojirudia. Hayo ndiyo yaandikiwe majibu kamili. Mengine yataangukia kwenye zile sentensi tatu za sauti.

Someni kila jibu kwa sauti mbele ya mtu ambaye si mwanakikundi. Kama anasema "hivi ndivyo anavyoongea mtu wa benki", liandikeni upya. Ukurasa usizidi pande mbili za karatasi moja, kwa sababu mtu akiwa na mteja hawezi kufungua daftari. Wa Itigi wameubandika mmoja chumba cha kufungashia, na picha yake iko kwenye simu ya kila mmoja.

Utajuaje kama unafanya kazi? Baada ya miezi miwili rudieni lile jaribio la swali moja kwa swali jipya ambalo halimo kwenye ukurasa. Maneno hayatafanana, wala hayatakiwi kufanana. Angalieni mambo mawili: je, ukweli uliosemwa ni mmoja, na je, kuna neno lililokatazwa limerudi? Likirudi kwa mtu mmoja, amesahau. Likirudi kwa wanne, mbadala wake haufai, na mnatakiwa kutafuta mwingine. Kwa kikundi kile, "haijapashwa moto" ilishika mara moja, lakini "gramu 500" iliwashinda mnadani, ambako watu wamezoea "nusu" tangu utotoni. Sasa wamechora gramu kubwa kwenye kifuniko, na mama wa mnadani anainua chupa na kuonyesha kwa kidole kabla ya kutaja bei.

Mwongozo huu hauwezi kuponya asali iliyorinwa mbichi wala ndoo chafu. Ukiandika "masega yaliyofunikwa" na mrinaji mnayemnunulia haoni haja ya kusubiri, maneno yenu yatawaumbua mapema zaidi kuliko kama mngenyamaza. Ndiyo maana kikundi kile kilimwita kila mrinaji anayewauzia na kumsomea mistari miwili inayomhusu. Wawili walisema hawawezi kusubiri masega yafunikwe, wana ada za watoto. Asali ya hao wawili kikundi bado kinainunua, kwa bei ya chini, na kinaiuza kwa watengeneza pombe ya asali ikiwa kwenye ndoo, bila lebo.